Kizunguzungu Kinaporudi: Usukani, Ngazi na Kazi za Juu

Mtu anageuka kitandani alfajiri na nyumba nzima inaanza kuzunguka. Anashika godoro, anafumba macho, na kabla ya dakika moja kuisha kila kitu kimetulia. Anaamka, anakunywa chai na kuenda kazini. Saa mbili baadaye yuko juu ya ngazi akipiga rangi ubao wa paa, au yuko barabarani kwa pikipiki akiwa amembeba abiria. Anainua uso au anageuza shingo kuangalia nyuma, na dunia inazunguka tena. Safari hii hakuna godoro la kushika.

Wakazi wengi wa Kaunti ya Kakamega wanaopatwa na kizunguzungu cha kurudiarudia hupata riziki kwa kazi za namna hii. Wako mafundi wa mjengo, wapigaji rangi, wachumaji wa ovakado, wakataji wa matawi, wenye maduka wanaopanda kiti kufikia rafu ya juu, waendeshaji wa bodaboda na madereva wa matatu na lori. Swali lao ni moja: je, kazi iendelee au isimame? Jibu hutegemea zaidi kile kinachoanzisha kizunguzungu hicho kuliko ukali wake. Kuna kizunguzungu kinachoanzishwa na mwendo fulani wa kichwa, na kuna kinachokuja bila hodi. Cha kwanza mara nyingi hutibika kwa dakika chache. Cha pili huhitaji uangalifu wa aina nyingine kabisa.

Si kila kizunguzungu ni kimoja

Watu hutumia neno kizunguzungu kwa mambo matatu tofauti, na ni vyema kuyatenganisha kabla ya kuenda kwa tabibu.

La kwanza ni kichwa kuwa chepesi na macho kuona giza, hasa mtu anaposimama ghafla. Hili mara nyingi hutokana na presha kushuka, upungufu wa damu, njaa, kukosa maji mwilini au dawa za presha. La pili ni hofu ya vimo. Mtu akitazama chini kutoka juu, magoti hulegea na moyo hupiga mbio, lakini akishuka hana tatizo lolote. La tatu ndilo linaloelezwa hapa: mtu huona vitu vinazunguka, au huhisi yeye mwenyewe anazungushwa, ingawa ametulia. Hili kwa kawaida hutoka katika sikio la ndani.

Mwili hujua uko wima kwa kutumia vyombo vitatu, yaani sikio la ndani, macho, na miguu pamoja na viungo vinavyohisi ardhi. Kimoja kikileta habari za uongo, viwili vinavyobaki hujaribu kusahihisha. Juu ya ngazi hivyo viwili navyo hudhoofika. Miguu imekanyaga kidato chembamba badala ya ardhi pana. Macho nayo yamezoea kujisawazisha kwa vitu vilivyo karibu kama ukuta na mlango, na sasa yanaona anga na mawingu yanayosogea. Ndiyo maana mtu anayetembea vizuri kabisa uani anaweza kuyumba akiwa mita 4 juu. Giza hufanya kazi hiyohiyo, na hivyo kupanda ngazi jioni ni hatari kuliko mchana.

Chembe za sikio na shingo iliyoinuliwa

Chanzo cha kawaida zaidi cha kizunguzungu cha kurudiarudia ni chembe ndogo za chokaa zilizo ndani ya sikio. Kila mtu anazo. Kwa kawaida zimeshikana mahali pake, na kazi yake ni kuusaidia mwili kuhisi uzito na mwendo. Kwa sababu ya umri, kugongwa kichwa, kulala kitandani muda mrefu, au bila sababu inayoonekana, baadhi yake hubanduka na kuingia katika mmoja wa mifereji mitatu iliyopinda kama pete. Mifereji hiyo ina majimaji, na ndiyo inayoambia ubongo kwamba kichwa kinageuka.

Kichwa kikilazwa, kikiinuliwa au kikigeuzwa, chembe hizo huteremka ndani ya mfereji na kuyasukuma majimaji. Ubongo unapata habari kwamba kichwa kinazunguka kwa kasi, ilhali macho na miguu vinasema kimetulia. Mgongano huo wa habari ndio kizunguzungu chenyewe. Chembe zikifika chini na kutulia, kizunguzungu huisha.

Hapo ndipo dalili zake zinapoeleweka. Huanza sekunde chache baada ya kichwa kusogea, huwa kikali, na kwa kawaida huisha kabla ya dakika 1. Huja mtu anapolala, anapogeuka kitandani, anapoinama kufunga viatu, na anapoinua uso kutazama juu. Hakileti uziwi wala kelele masikioni. Kati ya shambulio moja na jingine mtu anaweza kuhisi uzito kidogo wa kichwa, lakini dunia imetulia.

Mwendo wa kuinua uso ndio wenye hatari kubwa kwa kazi za juu, kwa sababu karibu kila kazi ya ngazi huudai. Kubandika balbu, kupiga msumari chini ya bati, kuchuma tunda lililo juu ya kichwa, kushusha katoni kwenye rafu: kote huko shingo huenda nyuma. Ni kama ngazi imetengenezwa makusudi kuamsha chembe hizo mahali pabaya zaidi.

Kinachokuja bila hodi

Aina ya pili haingojei kichwa kusogea. Mtu ameketi ametulia, na kizunguzungu kinamjia. Katika ugonjwa wa Ménière, shambulio hudumu kutoka dakika 20 hadi saa kadhaa, na huambatana na sikio moja kuziba, kelele ndani yake na usikivu kupungua. Katika kipandauso cha kizunguzungu, shambulio linaweza kudumu dakika chache au hata siku 2 au 3, na mara nyingi mwanga na kelele humsumbua mgonjwa, pengine pamoja na kuumwa kichwa. Wagonjwa wachache wa Ménière huanguka ghafla kama waliosukumwa, bila onyo lolote na bila kupoteza fahamu.

Kwa mtu wa aina hii, kujihadhari na mwendo fulani wa kichwa hakutoshi, kwa sababu hakuna mwendo wa kujihadhari nao. Mpaka tabibu aseme kwamba ugonjwa umedhibitiwa na muda wa kutosha umepita bila shambulio, hafai kupanda ngazi, paa, mti au jukwaa, wala kushika usukani. Mkanda wa usalama haubadilishi jambo hilo. Mkanda humzuia asifike chini, lakini haumzuii kuanguka. Mtu anayening'inia kwenye mkanda akitapika na kuzungukwa na dunia anahitaji kushushwa haraka, na katika mijengo mingi hakuna aliyejiandaa kwa kazi hiyo.

Fundi wa rangi: mfano wa hatua kwa hatua

Chukua mfano wa fundi wa rangi mwenye umri wa miaka 48 anayeishi Khayega na kufanya kazi Lurambi. Kila asubuhi hupanda pikipiki yake hadi mjini. Kwa wiki moja sasa, akigeukia upande wa kulia kitandani, nyumba inazunguka kwa kama sekunde 20. Akilalia kushoto hakuna neno. Siku ya tano, akiwa kwenye kidato cha nane cha ngazi, anainua uso kupiga rangi ubao wa ukingo wa paa. Kizunguzungu kinamkamata. Anakumbatia ngazi hadi kinapita, kisha anashuka.

Jambo la kwanza analolifanya ni lile ambalo wengi hulifanya: ananunua dawa ya malaria. Malaria ipo Kakamega na kweli huweza kuleta kizunguzungu, lakini huja na homa, baridi na maumivu ya mwili, na huthibitishwa kwa kupimwa damu. Kizunguzungu cha sekunde 20 kinachokuja tu mtu akigeukia upande mmoja si dalili ya malaria. Zaidi ya hayo, kwinini yenyewe huweza kuleta kelele masikioni na kizunguzungu, na mgonjwa akaonekana amezidiwa.

Hali isipobadilika anaenda kituo cha afya. Tabibu anamketisha kitandani, anamgeuzia kichwa kulia kiasi cha nusu ya mgeuko kamili, kisha anamlaza haraka chali huku kichwa kikining'inia kidogo nje ya ukingo. Baada ya sekunde chache dunia inazunguka, na tabibu anaona macho ya mgonjwa yakirukaruka. Kuruka huko kwa macho ndiko kunakothibitisha kwamba chembe zimo katika mfereji wa sikio la kulia. Upande wa kushoto ukipimwa vivyo hivyo, macho yanatulia.

Matibabu yanaanzia palepale. Mbinu hii huitwa ya Epley, kwa jina la daktari Mmarekani John Epley aliyeibuni. Kichwa kikiwa bado kimening'inia upande wa kulia, mgonjwa hukaa hivyo kama nusu dakika hadi dakika 1, mpaka kizunguzungu kiishe. Kisha kichwa hugeuzwa hadi kielekee kushoto na kungojwa tena. Halafu mwili mzima hugeuzwa kulalia ubavu wa kushoto, uso ukitazama sakafu, na kungojwa tena. Mwisho mgonjwa huinuliwa taratibu kuketi. Kila hatua husogeza chembe mbele katika mfereji mpaka zinatoka na kurudi mahali zisipoleta tabu. Kazi yote huchukua dakika chache. Wengi hupona kwa mara moja au mbili, na wengine huhitaji kurudia baada ya siku kadhaa. Mwenye jeraha au ugonjwa wa shingo amwambie tabibu kabla ya kulazwa, kwa kuwa kwake mbinu hubadilishwa.

Fundi huyu harudi nyumbani akiendesha pikipiki. Baada ya mbinu hiyo watu wengi hukaa siku moja au mbili wakihisi kama wanaelea, na wengine hupatwa na shambulio jingine fupi. Anabebwa. Wiki hiyo anapiga rangi kuta za chini na madirisha, na saidia fundi ndiye anayepanda. Baada ya wiki anarudi kupimwa, na safari hii kulazwa upande wa kulia hakuleti chochote. Hapo ndipo anaporudi kwenye ngazi, akianza na vidato vichache huku mwenzake akiwa chini, kabla ya kurudi kwenye paa.

Kipimo cha kitandani kila asubuhi

Kupona huko si kwa kudumu kwa kila mtu. Chembe nyingine zinaweza kubanduka baada ya miezi au miaka, na wengi hurudiwa. Kwa hiyo fundi anayejua tatizo lake anahitaji njia ya kulibaini mapema, akiwa mahali ambapo halimdhuru. Mahali hapo ni kitandani.

Kabla ya kuamka, alale chali, kisha ageukie kulia na kungoja sekunde 30. Arudi chali, ageukie kushoto na kungoja vivyo hivyo. Aketi kwenye ukingo wa kitanda, angoje kidogo, kisha ainue uso kutazama dari na kungoja tena. Mwisho ainame kana kwamba anaokota kitu sakafuni, na ainuke. Zoezi lote halifiki dakika 4.

Kama dunia haikuzunguka hata mara moja, siku hiyo chembe hazikuonyesha dalili. Kama ilizunguka, hata kwa sekunde 5, siku hiyo hakuna ngazi wala pikipiki, hata kama baadaye anajisikia mzima. Kujisikia mzima kati ya shambulio moja na jingine ndiyo kawaida ya tatizo hili, na ndiko kunakowadanganya wengi. Aende kituo cha afya mbinu irudiwe.

Kipimo hiki kina mipaka. Kinafaa tu kwa mtu ambaye tayari amepimwa na tabibu na kuambiwa kwamba tatizo lake ni la chembe. Hakiwezi kumwonya mwenye ugonjwa wa Ménière au kipandauso, maana shambulio lake halitokani na mlalo.

Ngazi, paa na mti

Kwa aliyepona na kuruhusiwa, kanuni kuu ya kazi za juu ni kuifuata kazi kwa mwili mzima badala ya kuifuata kwa shingo. Kazi iwe kati ya kifua na macho. Kama ipo juu ya kichwa, ngazi isogezwe au mtu apande jukwaa pana lenye vizuizi pembeni, ili aitazame kazi mbele yake. Roli yenye mpini mrefu humwacha fundi chini, na hilo ni jema, lakini akisimama chini kabisa ya dari bado shingo itakwenda nyuma. Ajitenge hatua kadhaa ili aitazame sehemu hiyo kwa mshazari, akiinua macho zaidi ya kidevu. Mchumaji wa ovakado afanye vivyo hivyo: atumie mti mrefu wenye ndoano na mfuko, asimame mbali kidogo na shina, miguu ikiwa imepanuliwa. Akipata kizunguzungu chini ataketi. Akikipata juu ya tawi hana pa kuketi.

Ngazi yenyewe isimame kwa uwiano wa nne kwa moja. Kwa kila mita 4 za kimo, mguu wa ngazi uwe mita 1 kutoka ukutani. Ncha yake ipite ukingo wa paa kwa kama mita 1 ili pawe na pa kushika wakati wa kupanda na kushuka, na ifungwe kwa kamba juu. Wakati wote viungo vitatu viwe vimeshika ngazi, ama mikono miwili na mguu mmoja au miguu miwili na mkono mmoja. Kopo la rangi lining'inizwe kwa ndoano. Kanuni hizi ni za kila mtu, lakini kwa mwenye historia ya kizunguzungu ndizo zinazomshikilia kwa zile sekunde 20.

Shambulio likija akiwa juu, asikimbilie kushuka. Wengi huanguka wakati wa kushuka, na kizunguzungu chenyewe kingalikuwa kimekwisha. Aachilie alichoshika, akumbatie nguzo mbili za ngazi, akaze macho kwenye kidato kilicho mbele ya uso wake, na asitazame juu wala chini. Aite aliye chini. Dunia ikitulia angoje kidogo zaidi, kisha ashuke kidato kimoja kimoja, kichwa kikiwa wima, akitafuta kidato kwa mguu badala ya kwa macho. Akiwa juu ya bati, achuchumae au apige magoti na kushika ukingo au upao ulio wazi. Asilale chali, kwa kuwa mlalo huo ndio unaoamsha chembe. Akishafika chini, siku hiyo imekwisha kwa upande wa ngazi.

Haya yote hayawezekani kama yuko peke yake. Aliye chini lazima ajue mapema kwamba mwenzake ana tatizo hili.

Pikipiki, matatu na lori

Kwenye ngazi shambulio humhatarisha mtu mmoja. Barabarani huwahatarisha wote. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa husafiri karibu mita 14 kila sekunde. Kizunguzungu cha sekunde 20 ni zaidi ya mita 270 za barabara ambazo dereva hazioni sawasawa. Kwa kilomita 80 kwa saa, ni zaidi ya mita 440. Katika umbali huo kwenye barabara ya Kisumu kwenda Kakamega na Webuye kuna watoto wa shule, wauzaji kando ya lami na pikipiki zinazoingia kutoka vichochoroni.

Mwenye kizunguzungu cha chembe asiendeshe kuanzia siku kilipoanza hadi atakapotibiwa na kipimo kuonyesha kimekwisha. Akirudi, ajue ni wapi usukanini shingo hugeuka kwa nguvu: kurudisha gari nyuma, kuingia barabara kuu na kutazama kama kuna gari linalopita kando. Vioo virekebishwe vizuri kabla ya kuondoka, na wakati wa kurudi nyuma ageuze kiwiliwili chote taratibu, au awe na mtu nje wa kumwelekeza. Mwendeshaji wa bodaboda ahakikishe vioo vyote viwili vipo, kwa sababu asiye na vioo hulazimika kugeuza shingo kila mara.

Kizunguzungu kikimjia dereva barabarani, aondoe mguu kwenye mafuta, ashike usukani kwa mikono miwili na kukaza macho mahali pamoja mbele. Apunguze mwendo, awashe taa za tahadhari na atoke barabarani upande wa kushoto bila kupinda ghafla. Avute breki ya mkono na kuzima injini. Wa pikipiki aachilie mafuta, ashike breki zote mbili polepole, aweke mguu chini, amshushe abiria, kisha aketi chini. Dunia ikitulia, asiendelee na safari. Apige simu ili mwingine aje kulichukua gari.

Kwa mwenye mashambulio yasiyo na hodi, kusimamisha gari kwa wakati si jambo la kutegemea. Nchini Uingereza, dereva mwenye kizunguzungu cha ghafla kinachomlemaza hutakiwa kuacha kuendesha na kuijulisha mamlaka ya leseni. Dereva wa basi au lori, pale ugonjwa wenyewe unapokuwa wa kurudi, hutakiwa kukaa mwaka 1 bila dalili kabla ya kurudi kazini. Tofauti hiyo ina sababu yake: anayebeba abiria wengi au mzigo mzito hukaa barabarani muda mrefu zaidi, na kosa lake huumiza watu wengi zaidi. Hapa Kenya, Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, humtaka anayeomba leseni aeleze kama ana ugonjwa unaoweza kufanya uendeshaji wake uwe hatari kwa umma. Dereva wa matatu anayejua ana mashambulio hayo na kunyamaza huwa amewaamulia abiria wake bila kuwauliza.

Dawa za kutuliza

Katika maduka ya dawa, mwenye kizunguzungu mara nyingi hupewa sinarizini au proklorperazini. Dawa hizi hupunguza kichefuchefu na kutuliza shambulio refu, na zina mahali pake kwa siku chache. Lakini haziwezi kuzirudisha chembe mahali pake. Zaidi ya hapo huleta usingizi na kupunguza wepesi wa mwili. Fundi aliyemeza dawa hizo ili aweze kupanda ngazi huwa bado ana chembe sikioni, na sasa ana usingizi pia. Aliyezimeza asiendeshe wala kupanda mpaka ulegevu uishe. Zikitumiwa kwa wiki nyingi, hata huchelewesha ubongo kuzoea na kujisawazisha upya. Pombe na dawa hizi pamoja ni hatari zaidi.

Kumwambia msimamizi

Kibarua wengi hukaa kimya kwa kuogopa kufukuzwa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 huweka wajibu pande zote mbili. Mwajiri lazima ahakikishe usalama na afya ya wafanyakazi wake kazini. Mfanyakazi naye lazima ajilinde na kuwalinda wengine wanaoweza kuathiriwa na anachofanya au anachoacha kufanya, na kumjulisha msimamizi kuhusu hali anayoiona kuwa ya hatari.

Njia rahisi ni kuenda kwa msimamizi na barua ya tabibu inayosema mambo mawili: ni kazi gani asifanye, na kwa muda gani. Barua isemayo tu kwamba mgonjwa ana kizunguzungu humtisha mwajiri. Barua isemayo asipande ngazi wala paa kwa wiki 1, kisha apimwe tena, humpa nafasi ya kupanga kazi. Katika mjengo wowote kuna kazi za chini: kupiga msasa, kuchanganya rangi au saruji, kukata mbao, kupiga lipu sehemu za chini. Mafundi wawili wanaweza kubadilishana kwa wiki hiyo bila yeyote kukosa siku ya malipo.

Dalili zisizongoja

Kizunguzungu kinachoambatana na uso kupinda upande mmoja, mkono au mguu kulegea, maneno kukwama, kuona vitu viwili viwili, kichwa kuuma ghafla kwa ukali usio wa kawaida, au kushindwa kabisa kusimama, kinaweza kuwa kiharusi. Mgonjwa apelekwe hospitali papo hapo, bila kungoja kesho na bila kujiendesha mwenyewe. Sikio moja likipoteza usikivu ghafla, mtu aonwe na tabibu siku hiyohiyo au kesho yake. Kizunguzungu kilichoanza baada ya kuanguka au kugongwa kichwa nacho kichunguzwe kabla ya mtu kulazwa kwa mbinu yoyote.

Kwa wengine wote, mahali pa kuanzia ni kituo cha afya kilicho karibu, ambapo tabibu atampa mgonjwa rufaa ya kliniki ya masikio, pua na koo ikihitajika. Mgonjwa aende akiwa na majibu ya maswali matatu: kizunguzungu hudumu sekunde, dakika au saa ngapi, kichwa kilikuwa kinafanya nini kilipoanza, na je, masikio yana kelele au yameziba? Majibu hayo ndiyo yatakayomwezesha tabibu kujua ni kizunguzungu cha aina gani, na mgonjwa kujua kama atarudi kwenye ngazi baada ya wiki moja au atafute kazi ya chini kwa sasa.